Kuivalisha Obsidian: fonti, upana wa ukurasa na upau wa kando

Obsidian ikifunguliwa kwa mara ya kwanza, kila mtu hupewa ukurasa uleule: safu ya maandishi yenye upana wa pikseli 700 katikati ya kioo, fonti ya kawaida ya kompyuta yake, na upande wa kushoto orodha ya mafaili kwa herufi ndogo za kijivu. Wengi huizoea hivyo hivyo. Lakini anayeshinda humo kutwa, kama mtafsiri, mwanafunzi wa shahada au mwandishi, hafiki mbali kabla ya kuanza kunung'unika. Mstari mrefu mno, herufi hazitofautiani, majina ya mafaili hayasomeki bila kukodoa macho. Dawa ya yote hayo ni faili moja dogo la maandishi lisilofika hata mistari arobaini.

Kwanza tuijue programu yenyewe. Obsidian ilianzishwa na Shida Li na Erica Xu, ikatoka hadharani mwaka 2020, na toleo la 1.0 likafuata Oktoba 2022. Kazi yake ni kuandika na kutunza maandishi. Kila unachoandika hubaki kwenye kompyuta yako kama faili la kawaida lenye mwisho wa `.md`, ndani ya folda ya kawaida ambayo programu inaiita `vault`. Kwa makala haya tuiite hifadhi. Jambo linalotuhusu zaidi ni kwamba Obsidian ya kompyuta imejengwa juu ya Electron, yaani kwa ndani ni kivinjari cha wavuti kilichofichwa nyuma ya dirisha la programu. Kila unachokiona, kuanzia herufi hadi vitufe, kimechorwa kama ukurasa wa wavuti. Na kurasa za wavuti huvalishwa kwa CSS, lugha fupi ya maagizo ya mwonekano: rangi hii, ukubwa huu, nafasi hii. Watengenezaji wa Obsidian wameacha mlango wazi ili mtumiaji aongeze maagizo yake juu ya yale yao. Maagizo hayo huwekwa kwenye vijifaili viitwavyo `CSS snippets`. Mimi naviita vipande vya CSS.

Kabla ya kuandika hata herufi moja, angalia yale ambayo mipangilio ya kawaida inayaweza. Fungua `Settings`, kisha `Appearance`. Hapo utakuta sehemu ya kuchagua fonti ya maandishi na fonti ya vitufe na menyu, pamoja na kitelezi cha ukubwa wa herufi. Kama shida yako ni fonti tu, na unaitaka iwe moja kote, chagua hapo na kazi imekwisha. Kipande cha CSS kinahitajika pale mipangilio inapoishia. Fonti uliyoichagua hapo inaingia kwenye ukurasa wa kuandikia na wa kusomea kwa pamoja, huwezi kuzitenganisha. Nafasi kati ya mstari na mstari haimo kabisa. Upana wa ukurasa una swichi moja tu, ya kuwasha au kuzima. Na orodha ya mafaili haina kitelezi chake.

Sasa tutengeneze faili. Ukiwa bado kwenye `Appearance`, shuka hadi chini kabisa kwenye `CSS snippets`. Pembeni mwake kuna vialama viwili: kimoja cha folda na kimoja cha kupakia upya. Bonyeza cha folda, na kompyuta itakufungulia mahali panapotakiwa, ambapo ni `.obsidian/snippets` ndani ya hifadhi yako. Ni vyema kupita mlango huu badala ya kuitafuta folda mwenyewe, kwa sababu kwenye Mac na Linux folda yoyote inayoanza na nukta hufichwa, na utazunguka ukidhani haipo. Kumbuka pia kwamba kila hifadhi ina folda yake. Mwenye hifadhi mbili atalazimika kunakili faili lake mara mbili.

Ndani ya folda hiyo tengeneza faili liitwalo `mwonekano.css`. Hapa ndipo watumiaji wengi wa Windows wanapokwama. Notepad hupenda kuongeza `.txt` mwishoni, na kwa kuwa Windows huficha viambishi vya majina ya mafaili, utaona `mwonekano.css` ilhali jina halisi ni `mwonekano.css.txt`. Obsidian haitaliona faili hilo, na wala haitakuambia kwa nini. Wakati wa kuhifadhi, chagua aina ya `All files`, au andika jina likiwa ndani ya alama za kunukuu. Dalili ni rahisi: ukirudi `Appearance` na kubonyeza kialama cha kupakia upya, jina `mwonekano` lazima litokee likiwa na swichi yake. Lisipotokea, tatizo ni jina la faili au mahali lilipo. Usiguse msimbo bado.

Agizo la kwanza liwe la kelele, lisiloacha shaka:

```css
body {
  --file-line-width: 300px;
}
```

Hifadhi faili, washa swichi, kisha tazama ukurasa wenye maandishi mengi. Safu itabana ghafla hadi iwe nyembamba kama ya gazeti. Ikibana, njia yote inafanya kazi, na kuanzia sasa kila ukihifadhi faili mabadiliko yataonekana papo hapo bila kuifunga programu. Isipobana, nenda `Settings`, sehemu ya `Editor`, utafute swichi iitwayo `Readable line length`. Lazima iwe imewashwa. Ikizimwa, maandishi hutanda kutoka ukingo hadi ukingo na namba yako ya upana haiulizwi kitu.

Hebu tulitazame lile agizo kwa karibu, maana mengine yote yana umbo hilohilo. Neno lililo kabla ya mabano ya mawimbi ni anwani: linasema agizo linakwenda wapi. `body` ni ukurasa mzima. Ndani ya mabano kuna jina, nuktambili, thamani, na nukta mkato ya kufunga. Jina linaloanza na vistari viwili huitwa kigeu. Vigeu ndivyo siri ya mambo haya. Obsidian haikuandika pikseli 700 kila mahali panapohusika. Iliiandika mara moja chini ya jina `--file-line-width`, na sehemu nyingine zote zinauliza jina hilo. Ukibadilisha thamani ya jina, zote zinafuata. Vipo vigeu mamia vya namna hiyo, vya fonti, rangi, nafasi na kona za vitufe, na vimeorodheshwa kwenye nyaraka za watengenezaji wa programu. Nasisitiza vigeu kwa sababu moja: maagizo ya kubandika moja kwa moja juu ya sehemu za ndani za programu huvunjika sehemu hizo zinapopangwa upya kwenye toleo jipya, ilhali majina ya vigeu yamewekwa yatumiwe na watu wa nje.

Utakuta watu wanaandika `:root` badala ya `body`. Kwa ukurasa wa kawaida wa wavuti ni sawa, lakini vigeu vingi vya Obsidian vimetangazwa kwenye `body`, ambayo iko ndani ya `:root`. Tangazo lililo karibu zaidi na maandishi ndilo linalosikilizwa, kwa hiyo thamani uliyoiweka nje inafunikwa na ile ya programu. Unahifadhi, unahifadhi tena, hakuna kinachotokea, na msimbo hauna kosa lolote la tahajia. Badilisha anwani iwe `body` na mambo yatakaa sawa.

Twende sasa kwenye kazi yenyewe, tukianza na fonti, kwa kuwa upana mzuri unategemea ukubwa wa herufi. Nitaieleza kwa laptopu ninayoiandikia, yenye kioo cha pikseli 1366 kwa 768, ambacho ni kioo cha laptopu nyingi za bei nafuu. Ninachotaka ni kuandika kwa fonti moja na kusoma kwa nyingine, ili jicho lione makosa lilioyazoea.

Fonti ya kuandikia niliyoichagua ni Andika, ya shirika la SIL, ambayo ni ya bure. Ilichorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na kwa hiyo herufi zake hazichanganyani: I kubwa, l ndogo na namba 1 kila moja ina umbo lake. Kwa anayesahihisha miswada hilo si anasa. Pia imebeba herufi zenye alama ambazo fonti nyingi za kawaida zinazikosa, jambo ambalo wanaoandika Kikuyu au Kikamba, zenye ĩ na ũ, watalielewa haraka. Iweke kwanza kwenye kompyuta kama fonti nyingine yoyote, kisha ufunge Obsidian na kuifungua upya ili iitambue. Halafu futa lile agizo la kelele na uandike hili:

```css
.markdown-source-view.mod-cm6 {
  --font-text: "Andika", "Segoe UI", sans-serif;
  --line-height-normal: 1.6;
}
```

Anwani imebadilika. `.markdown-source-view` ni kihariri, yaani ukurasa unaoandikia. `.mod-cm6` ni alama ya injini yake, CodeMirror 6. Ukurasa wa kusomea una anwani nyingine, `.markdown-preview-view`, na kwa kuwa hatukuutaja, unabaki na fonti uliyoichagua kwenye mipangilio. Kigeu kilichotangazwa ndani ya eneo fulani hakitoki nje ya eneo hilo, na ndiyo njia ya kutenganisha kurasa mbili ambazo mipangilio imeziunganisha. Majina matatu ya fonti ni foleni: ya kwanza isipopatikana, inashikwa ya pili, na mwisho fonti yoyote isiyo na vikia. Namba 1.6 ni nafasi ya mistari, mara moja na sehemu sita za ukubwa wa herufi, wakati kawaida ya Obsidian ni 1.5.

Utajuaje kama kweli unaona Andika na si ile ya pili kwenye foleni? Tazama herufi a. Kwenye Andika ni duara lenye mguu, kama tunavyoiandika kwa mkono. Kwenye Segoe UI ina kipaa kilichoinama juu yake. Ukiona kipaa, jina la fonti halijalingana na lile lililosajiliwa kwenye kompyuta, au alama za kunukuu zimepinda. Hili la pili huwapata wanaonakili msimbo kupitia Word au WhatsApp: alama zilizonyooka zinageuzwa kuwa zilizopinda, na CSS haizijui hizo. Zifute na uzichape upya kwa mkono.

Kuna kipande kinachozunguka sana mitandaoni kinachoweka `--font-text-theme` kwenye `body`. Hicho kinafanya kazi, ila kwa mtu ambaye hajachagua fonti yoyote kwenye mipangilio. Akichagua, chaguo la mipangilio linatangulia mbele ya fonti ya mandhari. Njia tuliyotumia hapa inaandika upya kigeu chenyewe ndani ya kihariri, kwa hiyo inashinda vyote viwili. Sehemu za msimbo ndani ya maandishi yako hazitaguswa, kwani zinatumia kigeu chao, `--font-monospace`.

Sasa upana. Kwa wastani herufi moja huchukua karibu nusu ya ukubwa wake kwa upana. Ukubwa wa kawaida ni pikseli 16, basi kila herufi ni kama pikseli 8, na safu ya 700 inabeba takriban herufi 87 kwa mstari. Wachapaji wa vitabu kwa muda mrefu wamependelea kati ya 45 na 75, kwa sababu mstari ukizidi hapo jicho linapotea likirudi mwanzo wa mstari unaofuata. Nikipandisha herufi hadi 18 kwenye kitelezi cha mipangilio, safu ileile inabeba kama 78. Nikitaka 70, nahitaji pikseli 630 hivi. Andika ni pana kidogo kuliko fonti nyingi, hivyo nikiweka 640 nitakuwa bado chini ya 70. Hesabu hii ni ya kuanzia tu. Baada ya kuhifadhi, hesabu herufi za mistari mitatu na urekebishe.

Wazungumzaji wa Kiswahili tuna sababu ya kutobana kupita kiasi. Mwongozo mwingi wa upana umeandikwa kwa lugha zenye maneno mafupi. Kitenzi kama `wasingelifahamishwa` kina herufi 19 na hakikatwi mwishoni mwa mstari. Kikikosa nafasi kinahamia chote mstari wa chini na kuacha pengo upande wa kulia. Kwenye safu ya herufi 45 mapengo hayo yanakuwa kama meno yaliyong'oka. Mimi sishuki chini ya 60.

```css
body {
  --file-line-width: 640px;
}

.pana {
  --file-line-width: 1000px;
}
```

Agizo la pili ni la kurasa za pekee. Jedwali la bajeti lenye safu saba haliwezi kukaa vizuri kwenye pikseli 640. Badala ya kupanua kila kitu kwa ajili ya ukurasa mmoja, ukurasa huo unapewa alama. Juu kabisa ya faili, kabla ya neno lolote, andika:

```yaml
---
cssclasses:
  - pana
---
```

Obsidian itaubandika ukurasa huo jina `pana`, na CSS itakapolikuta itatumia 1000 hapo peke yake. Jina ni lako, ungeweza kuliita chochote mradi lisiwe na nafasi katikati. Kwenye kioo changu, upau wa kando ukiwa wazi, hazibaki pikseli zinazozidi 1000 kwa sana, na zikipungua hakuna kinachoharibika: namba hii ni kikomo cha juu, ukurasa utajibana wenyewe. Angalizo moja: katika matoleo ya zamani jina la sifa hii lilikuwa `cssclass`, bila -es. Ukinakili mfano wa miaka ya nyuma, andika jina jipya.

Upau wa kando ndio ulio na vishawishi vingi, na ndiko watu wanakotumia jioni nzima wakibadilisha rangi. Mimi naomba mambo matatu tu: majina ya mafaili yasomeke, folda zitofautiane na mafaili, na upau uonekane ni kitu kingine na ukurasa.

```css
.mod-left-split {
  --nav-item-size: 14px;
  --nav-item-weight-active: 600;
}

.mod-left-split .nav-folder-title {
  font-weight: 600;
}

.theme-light .mod-left-split {
  --background-secondary: #f4efe6;
}
```

`.mod-left-split` ni upau wa kushoto. Wa kulia ni `.mod-right-split`. Kigeu cha kwanza kinapandisha majina ya mafaili kutoka pikseli 13 za kawaida hadi 14. Inaonekana si kitu, lakini kwa herufi ndogo namna hiyo pikseli moja inabadilisha kila kitu. Cha pili kinakoleza jina la faili lililo wazi, ili usitafute uko wapi. Agizo la kati halina kigeu, linakwenda moja kwa moja kwenye majina ya folda na kuyakoleza. Nimesema vigeu ni salama zaidi, na bado ni hivyo, lakini folda na mafaili vinagawana vigeu vilevile, kwa hiyo ukitaka kuvitenganisha huna budi kutaja jina la sehemu. Toleo jipya likija na folda zikarudi kuwa nyembamba, utajua mstari wa kuangalia.

Agizo la mwisho linaweka rangi ya krimu nyuma ya upau. Angalia mwanzo wa anwani: `.theme-light`. Obsidian hubandika jina hilo kwenye `body` ikiwa katika hali ya mwanga, na `.theme-dark` ikiwa katika hali ya giza. Ukiliacha, krimu itabaki hata usiku, wakati maandishi ya orodha yamegeuka kuwa meupe-meupe, na hutaona jina la faili hata moja. Kila rangi unayoiandika iwe na mojawapo ya majina hayo mawili mbele yake.

Ukishahifadhi, huenda ukaona jambo la kuudhi: orodha imekuwa ya krimu, lakini ukanda wa juu wenye vialama vya upau umebaki kijivu. Hapa ndipo inapobidi kujua vigeu vinavyohesabiwa. Ukanda ule hauulizi `--background-secondary`. Unauliza kigeu kingine, ambacho chenyewe kilipewa thamani ya `--background-secondary` kule juu kwenye `body`, kabla hatujafika kwenye upau. Kilipohesabiwa kilikuta kijivu, kikakibeba kijivu hicho hadi chini. Kubadilisha chanzo baadaye, ndani ya upau, hakurudishi hesabu nyuma.

Badala ya kubahatisha jina la kigeu hicho, iulize programu yenyewe. Bonyeza `Ctrl+Shift+I`, au `Cmd+Option+I` kwenye Mac. Itafunguka dirisha la ukaguzi, lilelile lililomo kwenye Chrome. Juu kushoto kuna kialama cha mshale ndani ya kisanduku. Kibonyeze, kisha bonyeza ukanda wa kijivu. Dirisha litaruka hadi kwenye sehemu hiyo na chini ya kichupo cha `Styles` utaona maagizo yote yanayoigusa, mojawapo likiwa `background-color: var(...)`. Jina lililo ndani ya mabano ndilo unalolitafuta. Kutegemea mfumo wa kompyuta na aina ya fremu ya dirisha, mara nyingi litakuwa `--tab-container-background` au `--titlebar-background`. Litangaze ndani ya agizo letu la mwisho, kwa rangi ileile ya krimu, na ukanda utafuata.

Dirisha hilohilo linajibu karibu kila swali la aina ya "mbona agizo langu halifanyi kitu". Bonyeza sehemu husika na utazame orodha ya maagizo. Kama lako halimo kabisa, anwani yako haifiki hapo. Kama limo lakini limekatwa mstari, kuna agizo lingine lililolishinda, na liko juu yake kwenye orodha hiyo. Kama sehemu yote ya mwisho ya faili lako haionekani popote, kuna mabano yaliyosahaulika kufungwa: CSS hailalamiki, inayameza tu yanayofuata. Nukta mkato ikikosekana, linaloharibika ni agizo lile na la mstari wa chini yake. Unaweza hata kubadilisha thamani ndani ya dirisha hilo na kuona matokeo moja kwa moja, kisha ukanakili iliyokupendeza. Ulichobadilisha humo hakihifadhiwi, kwa hiyo cheza bila woga.

Yote haya nimeyaeleza kwa mandhari ya kawaida ya Obsidian. Ukiwa umeweka mandhari nyingine, vipande vyako vinapakiwa baada yake, na kwa kawaida vinashinda anwani zikiwa na nguvu sawa. Lakini baadhi ya mandhari zina mitambo yake. Minimal, iliyotengenezwa na Steph Ango ambaye tangu mwaka 2023 ni mkurugenzi mkuu wa Obsidian, ina namna yake ya kupima upana wa ukurasa na ina programu-jalizi ya kuuweka. Ukiitumia, weka upana kwenye mipangilio yake kwanza kabla ya kushindana nayo. Na ukitaka kujua kosa ni la nani kati yako na mandhari, rudi kwenye mandhari ya kawaida kwa dakika moja. Likitoweka, si lako.

Kwenye simu vipande vinafanya kazi pia, Android na iPhone, mradi faili liwe limefika kwenye folda ileile. Wanaotumia huduma ya Sync ya kampuni hiyo wanatakiwa kuruhusu mwonekano na vipande visawazishwe kwenye mipangilio yake. Kitakachokosekana ni fonti: Andika iliyowekwa kwenye kompyuta haiko kwenye simu, na foleni itashuka hadi fonti ya simu yenyewe. Upana nao hauna maana kubwa huko, kioo chenyewe ni chembamba kuliko 640.

Vipande vya watu wengine vimejaa mitandaoni na vingi ni vizuri. CSS haiwezi kufuta faili wala kuendesha programu, lakini inaweza kuita kitu kutoka kwenye mtandao, picha au fonti, na kila inapoita, seva ya upande wa pili inajua kwamba umefungua. Kabla ya kuwasha swichi ya kipande cha mtu, kifungue kama maandishi na utafute `@import` na `url(`. Ukikuta anwani ya `http` usiyoifahamu, ifute. Na cha kwako ukishakipenda, nakili `mwonekano.css` nje ya hifadhi: folda ya `.obsidian` ndiyo ambayo watu huifuta wakitaka kuanza upya, na huondoka na kila kitu kilichomo.